Bomba la Friji Haliyeyushwi

Fundi wa mageti na madirisha huunganisha karibu kila chuma anacholetewa: fremu ya baiskeli, mguu wa kitanda, bawaba ya lango. Lakini mpe bomba la shaba la friji, mwambie aliunganishe kwa mashine yake ileile ya umeme, na baada ya sekunde chache atakuwa na tundu kubwa kuliko lile aliloitiwa kuliziba. Wala si kwamba hajui kazi. Kazi yenyewe ndiyo nyingine.

Anayechomelea huyeyusha vipande vyote viwili pale vinapokutana, vikachanganyika vikiwa maji, kisha vikaganda na kuwa kitu kimoja. Chuma cha geti huvumilia jambo hilo kwa sababu ni kinene, na joto hukaa palepale fundi alipolielekeza. Bomba jembamba la friji, lile la robo inchi, lina upana wa milimita 6.35 kwa nje na unene wa ukuta wa kama milimita 0.8 tu. Shaba nayo hubeba joto mara saba au nane zaidi ya chuma cha kawaida. Kwa hiyo mwanzoni bomba hukataa kuyeyuka, maana joto linakimbilia mbali. Fundi akiongeza moto, bomba zima hupata moto pamoja, na likifika nyuzi 1,085 za Selsiasi ukuta unaporomoka kwa mkupuo. Kati ya "bado" na "basi" hapabaki nafasi ya mkono wa binadamu kujirekebisha.

Hata akibahatika lisitoboke, tone la shaba iliyoyeyuka linaweza kudondokea ndani ya bomba na kuganda huko. Kwenye geti tone la namna hiyo hupigwa nyundo likatoka. Ndani ya friji litabaki, na gesi italazimika kupita ubavuni mwake maisha yote ya mashine.

Ndiyo maana mafundi wa friji na viyoyozi hulehemu. Katika kulehemu, bomba halifiki kabisa kwenye kuyeyuka. Mdomo wa bomba moja hupanuliwa, jingine likaingizwa ndani yake, na katikati ukabaki mwanya mdogo sana, wa kuanzia karibu milimita 0.03 hadi 0.13. Bomba likishapata moto wa kutosha, fundi hugusisha fimbo ya madini inayoyeyuka mapema kuliko shaba, nayo hufyonzwa ndani ya mwanya kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Hufyonzwa hata kama mwanya unaelekea juu. Mwanya ukiwa mpana mno, nguvu hiyo ya kufyonza hufa na fimbo huishia kudondoka. Ukiwa hakuna kabisa, madini hayapati pa kupita. Kiungo kizuri cha bomba la shaba, basi, huanza kwenye kikata bomba na chombo cha kupanulia mdomo, kabla kiberiti hakijawashwa.

Lehemu zenyewe ni za aina mbili, na mpaka uliokubaliwa kati yao ni nyuzi 450. Ile inayoyeyuka chini ya hapo ni lehemu laini, ya bati na risasi au bati na vitu vingine, ileile inayojulikana kwa mafundi redio. Inayoyeyuka juu ya hapo ni lehemu ngumu, ambayo mafundi wengi wa friji huiita brezi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasitumie laini, ambayo ni rahisi na haitaki moto mkali. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba haina nguvu ya kuhimili presha. Jibu hilo si kamili. Chukua friji inayotumia gesi ya R134a. Kondensa ikiwa na joto la nyuzi 50, presha upande wa juu huwa kama baa 12. Kwenye bomba la robo inchi, presha hiyo inajaribu kuyachomoa mabomba mawili kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo nne hivi. Kilo nne zilizogawanywa kwenye eneo lote la mwanya, kuzunguka bomba na kwa kina cha milimita saba, ni mzigo mdogo, na lehemu ya bati iliyoingia vizuri ingeubeba siku hiyo bila taabu.

Tatizo ni miezi inayofuata. Lehemu ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, na bomba linalotoka kwenye kompresa linaweza kupita nyuzi 100 siku ya joto. Madini yaliyokaribia hivyo kiwango chake cha kuyeyuka hulegea na kunyumbuka polepole chini ya mzigo, hata ukiwa mdogo. Kompresa nayo hutikisika kila inapowaka na kila inapozima, mara nyingi kwa siku. Kiungo kilichofaulu majaribio siku ya kwanza hupata ufa mwembamba usioonekana, gesi ikavuja kidogokidogo, na mwenye friji akaanza kuamini kwamba friji yake "inakula gesi". Tena lehemu laini hutaka dawa ya kusafishia, fluksi, ambayo mara nyingi ina kloridi. Dawa hiyo ikiingia ndani ya bomba haipati pa kutokea; huzunguka na mafuta ya kompresa, ikila shaba na kuyaharibu mafuta. Kwa bomba la maji lehemu ya bati isiyo na risasi inafaa kabisa, maana hapo hakuna kompresa wala mtikisiko. Kwa friji, ibaki kwenye nyaya.

Lehemu ngumu hukaa katikati. Fimbo ya kawaida kabisa ya fundi friji ni shaba asilimia 93 na fosforasi asilimia 7. Huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 710 na humaliza karibu na 793. Kutoka hapo hadi shaba yenyewe iyeyuke kuna nyuzi karibu 300 za kuchezea, na nafasi hiyo ndiyo inayomwezesha fundi mwenye mkono wa wastani kufanya kazi safi. Kina kinachohitajika pia ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kanuni inayofuatwa ni kwamba mabomba yapishane angalau mara tatu ya unene wa ukuta, yaani milimita 2.4 tu kwa bomba letu. Mafundi huyapishanisha zaidi ya hapo, na wanafanya vyema, lakini anayerundika lehemu nje ya kiungo kama udongo wa mfinyanzi anapoteza fimbo yake. Nguvu iko ndani ya mwanya.

Tuione kazi hiyo kwenye friza moja. Tuseme ni friza ya mfuniko ya muuza samaki, kibandiko cha nyuma kinasema R134a, na kompresa imeungua. Fundi anabadilisha kompresa na kile kichujio chenye umbo la penseli nene ambacho mafundi hukiita draya. Hapo ana viungo visivyopungua vinne, na kila kimoja kina tabia yake.

Kwanza anaitoa gesi kwa mashine ya kuvutia na kuihifadhi kwenye mtungi, kisha anakata mabomba ya zamani kwa kikata bomba. Wapo wanaopenda kuyachomoa kwa moto ili kuokoa sentimita mbili za bomba. Mafuta ya kompresa huwa yamemeza gesi. Yakipata moto huitema, na mvuke wa mafuta unaotoka kwenye mdomo wa bomba huweza kuwaka usoni mwa fundi. Gesi yenyewe ya R134a, au R22 kwenye viyoyozi vya zamani, ikipita kwenye mwali huvunjika na kutoa asidi kali zinazochoma macho na mapafu. Mwali ukibadilika rangi ghafla na harufu kali ikasikika, moto uzimwe na madirisha yafunguliwe.

Halafu inakuja sumaku. Vijiti vitatu vinavyotoka kwenye kompresa mpya vina rangi ya shaba, na fundi mchanga huona shaba kwa shaba. Lakini kompresa nyingi zina vijiti vya chuma vilivyopakwa shaba nyembamba juu. Sumaku ikinasa, ni chuma. Au kwaruza kidogo kwa tupa uone kama pananga'aa weupe. Tofauti hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Fosforasi iliyomo kwenye fimbo ya kawaida ni rafiki mkubwa wa shaba: huinyang'anya oksijeni iliyoshika juu yake, ndiyo maana shaba kwa shaba hailehemiwi kwa fluksi. Ikikutana na chuma, fosforasi hiyohiyo hutengeneza tabaka gumu linalovunjika kama kigae. Kiungo hutoka kizuri, kinang'aa, kinapita jaribio la povu la sabuni, na baada ya muda wa kutikiswa kinaachana palepale kwenye mpaka wa chuma.

Kwenye vijiti vya chuma hutumika fimbo ya fedha isiyo na fosforasi, kwa mfano yenye fedha asilimia 45 au 56, pamoja na fluksi. Hii ya asilimia 56 inamaliza kuyeyuka kwenye nyuzi 652, kwa hiyo haitaki hata moto mkali kama ile ya fosforasi. Fluksi yenyewe humwambia fundi saa ya kazi: kwanza hutoa mapovu meupe, kisha hutulia na kuwa angavu kama maji, na hapo ndipo fimbo iguswe. Ipakwe kwa nje ya bomba linaloingia, baada ya kulichomeka kidogo, ili isisukumwe ndani. Kazi ikipoa, mabaki yake ya kioo huoshwa kwa maji ya moto na brashi, kwa sababu hula chuma yakiachwa na pia huweza kuziba tundu la mvujo na kumdanganya fundi siku ya majaribio. Fimbo za fedha za zamani zenye kadimiamu ziachwe kabisa, maana moshi wake ni sumu.

Kiungo cha draya na kapilari ndicho kinachowashinda wengi. Kapilari ni ule mrija mwembamba unaopunguza presha ya gesi kabla haijaingia sehemu ya kugandisha, na tundu lake lina upana wa kama milimita 0.7 au 0.8. Haukatwi kwa kikata bomba, kwa sababu kikataji huukamua na kuubana mdomo. Huchorwa mstari kwa tupa nyembamba kuuzunguka, kisha huvunjwa kwa vidole. Ndani ya draya uingie vya kutosha kupita mahali lehemu itakapofika, lakini usifike kwenye wavu. Ukiwa mfupi, lehemu itafyonzwa hadi mdomoni na kuuziba. Ukigusa wavu, utazibwa na wavu wenyewe. Na mwali usielekezwe kwenye kapilari hata kidogo. Hupashwa moto shingo ya draya, iliyo nene zaidi, na kapilari hupata joto lake kutoka hapo, huku tumbo la draya likiwa limefungwa kitambaa kibichi.

Kanuni ya moto ni ileile kwa viungo vyote. Mwali uzunguke bila kukaa mahali pamoja, uanze na bomba la ndani ili litanuke na kukaza mwanya, kisha uhamie kwenye mdomo wa nje. Shaba ikianza kuwa nyekundu iliyofifia, fimbo igusishwe kwenye kiungo, na iyeyushwe na bomba, si na mwali. Lehemu hufuata joto. Anayetaka izame ndani husogeza mwali nyuma kidogo, kwenye kina cha kiungo, nayo humfuata. Anayeyeyusha fimbo kwa mwali na kuidondosha juu ya bomba baridi hupata tone zuri lililokaa juu juu, na chini yake njia iliyo wazi.

Hadi hapa kazi yote imeonekana kwa macho. Kuna nusu nyingine inayofanyika ndani ya bomba, na kwa maoni ya mwandishi hapo ndipo fundi wa kweli anapojulikana. Shaba nyekundu kwa moto, ikiwa na hewa ndani yake, hujenga gamba jeusi la oksidi. Kwa nje gamba hilo ni suala la sura tu. Kwa ndani hubanduka vipande vidogo vinavyosafiri na mafuta, na safari hiyo inaelekea kwenye tundu la milimita 0.8.

Kinga yake ni naitrojeni kavu. Mtungi wake una presha kubwa, kwa hiyo lazima uwe na reguleta. Gesi hupitishwa ndani ya mabomba wakati wote wa kulehemu, taratibu kiasi cha kusikika kama pumzi hafifu ukiweka kiganja kilicholowa kwenye mdomo wa kutokea. Huifukuza hewa, na bila oksijeni gamba halijengeki. Mdomo huo wa kutokea usizibwe. Naitrojeni ikifungiwa ndani presha hupanda, na lehemu iliyoyeyuka husukumwa nje ikiacha vitundu vidogo kama vya sindano. Anayetaka kuona tofauti alehemu viungo viwili vya mazoezi, kimoja na naitrojeni na kimoja bila, kisha avipasue kwa urefu kwa msumeno. Kimoja kitakuwa na rangi ya waridi ndani. Kingine kitakuwa cheusi, na ukikipitisha kidole utabaki na unga.

Mafundi wakongwe husema wamelehemu miaka yote bila naitrojeni na friji zao zikagandisha. Wanasema kweli, ila friji zenyewe zimebadilika. Zama zao zilikuwa za gesi ya R12 na mafuta ya madini, ambayo mara nyingi yaliliacha gamba limeshika ukutani. R12 iliondolewa chini ya Mkataba wa Montreal, na kwa nchi zinazoendelea mwisho wake ulikuwa mwaka 2010. R134a iliyoshika nafasi yake huenda na mafuta ya esta, na mafuta hayo husafisha mabomba: hulibandua gamba na kulibeba.

Friza ya muuza samaki iliyolehemiwa hivyo hujieleza yenyewe. Siku za kwanza inagandisha. Kisha barafu inaonekana sehemu ya mwanzo tu ya mabomba ya ndani, kompresa inakuwa ya moto na haizimi, na geji upande wa kuvuta inashuka hadi kwenye ombwe. Dalili hizo hufanana na za maji kuganda ndani ya kapilari, na namna ya kutofautisha ni kuizima friza ipate joto. Kama ni maji, yatayeyuka na friza itafanya kazi tena kwa muda kabla ya kuziba upya. Kama ni gamba, hakuna kitakachobadilika, na kuongeza gesi, dawa inayopendwa sana mitaani, kutaongeza tu presha upande wa kondensa.

Viungo vikipoa vyenyewe, bila kumwagiwa maji, fundi huvikagua kwa kioo kidogo cha mkononi, kwa sababu upande wa nyuma, uliotazama ukuta, ndio ambao mwali haukufika vizuri. Ukanda wa lehemu uonekane umezunguka bomba lote. Kisha mfumo hujazwa naitrojeni, kwa friza kama hii takriban baa 10, na kupakwa povu la sabuni. Isitumike oksijeni badala yake, hata kama mtungi wake ndio ulio karibu: oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Baada ya hapo ni pampu ya ombwe, na gesi kwa kipimo cha gramu kilichoandikwa kwenye kibandiko.

Kuchomelea nako kuna makao yake katika ubaridi. Ganda jeusi la kompresa ya friji ni vipande viwili vya chuma vilivyochomelewa kiwandani. Viwanda vikubwa vya barafu vinavyotumia amonia havina mabomba ya shaba kabisa, kwa sababu amonia yenye unyevu huila shaba. Mabomba yake ni ya chuma kinene, na huyachomelea mafundi waliofunzwa kazi hiyo. Fundi wa mageti yuko karibu zaidi na kazi ile kuliko na friji ya jikoni kwake.

Kwenye friji hiyo ya jikoni, hata lehemu ngumu imeanza kupisha. Mwaka 2016 nchi wanachama wa Mkataba wa Montreal zilikutana Kigali na kukubaliana kupunguza gesi za jamii ya R134a kwa sababu zinaongeza joto la dunia, na friji nyingi mpya za nyumbani sasa zina R600a, ambayo huwaka kama gesi ya kupikia. Kiasi kilichomo ni gramu chache, lakini mafuta ya kompresa huendelea kuitema hata baada ya kuvutwa, na tochi ya fundi iko palepale. Kwa friji hizo hutumika kiungo kisichotaka moto: mabomba mawili huingizwa kwenye kijibomba, na pete mbili husukumwa juu yake kwa koleo maalumu hadi zikaibana shaba kutoka pande zote. Kinafaa pia pale shaba inapokutana na alumini, ambayo kwenye nyuzi 660 ingekuwa imeshayeyuka kabla fimbo ya fosforasi haijaanza. Maandalizi yake yana sharti moja ambalo mzoefu wa kulehemu hulisahau, kwa kuwa lehemu humsamehe: bomba husuguliwa kwa kulizungusha, si kwa urefu. Mkwaruzo wa urefu huwa mfereji chini ya pete, na gesi hutoka kwa njia hiyo.